Mpango wa uuguzi wa mtoto aliyepungukiwa na maji: uandike kuanzia kitandani

Ukipewa kazi ya kuandika mpango wa uuguzi wa mgonjwa aliyepungukiwa na maji mwilini, usianze kwa kujaza safu ya utambuzi. Anza na mizani na saa ya mkononi. Mpango mzima utasimama juu ya vipimo vitano au sita ulivyochukua mwenyewe, na vipimo hivyohivyo ndivyo vitakavyorudi kwenye malengo, kisha kwenye tathmini. Kitu ambacho hukukipima saa mbili asubuhi hutakuwa na cha kukilinganisha nacho saa sita mchana.

Nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa mwaka wa pili, wadi ya watoto, na safu zote za mpango wangu nilizijaza usiku bwenini. Kwenye tathmini niliandika: "Lengo limefikiwa, mtoto ana maji ya kutosha." Asubuhi mwalimu wa wadi alichukua karatasi yangu akaenda nayo hadi kitandani. Kikombe cha ORS kilikuwa kimejaa juu ya kabati, nzi ametua ukingoni, na mtoto macho yameingia ndani. Aliniuliza, "Amekunywa kiasi gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimepima wala kumwambia mama ampe kiasi gani. Mchana ule mtoto aliwekewa dripu ambayo huenda asingeihitaji kama mtu angekaa na kijiko usiku. Tangu siku hiyo sijaandika tathmini nikiwa mbali na mgonjwa.

Hapa tutafuata mtoto mmoja wa mfano tangu anapofika hadi saa sita mchana. Karatasi yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, kama vyuo vyetu vinavyotaka, lakini maelezo yote ya siku hiyo utampa mama kwa Kiswahili, kwa hiyo ni vizuri uweze kuufikiria mpango wako kwa lugha hiyo.

Hatua ya 1: Msikilize mama, kisha mguse mtoto

Mtoto wetu ni mvulana wa miezi 14 kutoka Nyalenda, Kisumu. Ni msimu wa mvua ndefu, na nyumbani wanachota maji ya matumizi kwenye kisima kifupi kilicho karibu na vyoo vya shimo, jambo la kawaida Nyalenda na Manyatta. Anaharisha tangu jana asubuhi.

Mama anasema hivi, na wewe andika maneno yake kama alivyoyasema: "Sista, ameharisha kama mara nane, ya maji tupu, haina damu. Ametapika mara tatu. Nilimpunguzia uji na maji kwa sababu kila akikunywa anaharisha zaidi. Duka la dawa walinipa ile pakiti, nikachanganya kwenye chupa ya soda."

Kila sentensi hapo ina kazi. Mara nane na mara tatu zinakueleza njia ambazo maji yametokea. Kukosekana kwa damu kunapunguza uwezekano wa kuhara damu, ambako huhitaji dawa nyingine. Kupunguza vinywaji na kuchanganya kwenye chupa ya soda ni tatizo jingine kabisa, nalo litapata utambuzi wake. Muulize chupa ilikuwa ya ukubwa gani. Anasema ni ile ya kioo ya mililita 300, na pakiti aliyokuja nayo imeandikwa nusu lita. Weka hilo akilini.

Sasa unachokiona mwenyewe. Mvue nguo zote, mweke kwenye mizani akiwa na nepi kavu au bila nepi: kilo 8.6. Halafu omba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Wanafunzi wengi hawakifungui, ilhali mle ndani mna takwimu yenye thamani kuliko zote za asubuhi hiyo. Wiki mbili zilizopita kliniki ilimpima akiwa na kilo 9.2. Amepungua gramu 600, ambayo ni kama asilimia 6.5 ya uzito wake. Mtoto hapotezi nyama kiasi hicho kwa siku moja. Kilichoondoka ni maji.

Kisha ngozi. Hapa wengi hukosea kwa vidole. Mlaze chali, mikono yake ubavuni. Tafuta sehemu ya tumbo iliyo katikati ya kitovu na ubavu. Bana ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, ukitumia nyama ya vidole na si kucha, mkunjo ukielekea kichwani na miguuni, si kuvuka tumbo. Inua tabaka lote la ngozi na la chini yake, shika sekunde moja, achia, uangalie. Ikirudi papo hapo ni sawa. Ukiuona mkunjo umebaki kwa muda mfupi, chini ya sekunde mbili, inarudi polepole. Ukikaa sekunde mbili au zaidi, inarudi polepole sana. Kwa mtoto wetu mkunjo unaonekana kwa muda mfupi kisha unapotea. Usibane mgongoni mwa kiganja wala pajani. Utapata jibu lisilolingana na mwongozo unaoutumia.

Mengine andika kwa ufupi: macho yameingia ndani (muulize mama kama ndivyo yalivyo siku zote, kwa sababu watoto wengine wana macho ya ndani kwa kuzaliwa), anahangaika na kulialia, analia bila machozi, akionyeshwa kikombe anakikimbilia. Mapigo 148 kwa dakika, pumzi 38, joto nyuzi 37.4. Mikono ina joto, na rangi ya kucha inarudi ndani ya sekunde mbili. Mama hakumbuki alikojoa lini mara ya mwisho, anadhani ni jana usiku. Matakoni ngozi ni nyekundu, haijachubuka.

Bado kipimo kimoja ambacho hupaswi kukiruka: mzingo wa mkono wa juu. Wake ni sentimita 13.2, kwa hiyo hana utapiamlo mkali. Ungekuwa chini ya 11.5, mpango huu wote ungebadilika. Mtoto aliyekonda sana ngozi yake hurudi polepole hata kama hana upungufu wa maji, macho yake huwa ndani, na akipewa maji mengi kwa haraka moyo wake unaweza kulemewa. Huyo ana mwongozo wake na kinywaji chake maalumu, na hapo unamwita daktari au klinikal ofisa kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Mweke kwenye daraja lake

Mwongozo wa matibabu ya watoto unaotumika Kenya unataka ujiulize maswali kuanzia baya zaidi. Je, yuko kwenye mshtuko, yaani fahamu imepungua, mikono baridi, rangi ya kucha inachelewa zaidi ya sekunde tatu, mapigo dhaifu? Hapana. Je, hawezi kunywa au fahamu imepungua, pamoja na macho kuingia ndani na ngozi kukaa sekunde mbili au zaidi? Hapana, anakimbilia kikombe. Je, anaweza kunywa lakini ana angalau dalili mbili kati ya hizi: macho yaliyoingia, ngozi inayorudi polepole, kuhangaika? Anazo zote tatu. Basi ana upungufu wa maji wa kiasi, na matibabu yake ni Mpango B, yaani kunyweshwa ORS kwa saa nne.

Daraja hili si utambuzi wa kiuguzi, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Lakini ndilo litakalokupa kiasi cha maji, kwa hiyo liandike kwenye muhtasari wa mgonjwa.

Hatua ya 3: Andika utambuzi wa kiuguzi

Utambuzi una sehemu tatu: tatizo, kinachosababisha, na ushahidi. Sentensi ya kwanza ya mtoto wetu itakuwa hivi:

"Upungufu wa ujazo wa maji mwilini unaotokana na kupoteza maji kwa kuhara na kutapika pamoja na kupunguziwa vinywaji, unaodhihirishwa na kupungua uzito kutoka kilo 9.2 hadi 8.6, ngozi ya tumbo kurudi polepole, macho kuingia ndani, kuhangaika, kulia bila machozi, kutokojoa tangu jana usiku kwa maelezo ya mama na mapigo 148 kwa dakika."

Linganisha na ile ninayoisahihisha kila muhula: "Upungufu wa maji unaotokana na ugonjwa wa tumbo, unaodhihirishwa na mgonjwa kukosa maji." Ina makosa mawili. La kwanza, ugonjwa wa tumbo ni jina la ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa na daktari. Sehemu ya kati ya sentensi inatakiwa kuwa kitu ambacho hatua zako mwenyewe zinaweza kukigusa. Kupoteza maji na kupunguziwa vinywaji, hayo muuguzi anayagusa kwa kijiko, kwa chati na kwa maneno. La pili ni kwamba ushahidi umerudia tatizo kwa maneno mengine. Mtu akikuuliza "umejuaje amekosa maji?" huwezi kujibu "kwa sababu amekosa maji". Jibu ni uzito, ngozi, macho.

Utambuzi wa pili unamhusu mama: "Upungufu wa maarifa kuhusu utunzaji wa mtoto anayeharisha, unaodhihirishwa na mama kupunguza uji na maji na kuchanganya pakiti ya nusu lita ya ORS katika mililita 300." Wa tatu ni ngozi ya matako kuharibika kutokana na kuguswa na kinyesi mara kwa mara, ikidhihirishwa na wekundu.

Utaona sijaandika sita. Mpangilio wenyewe unakuonyesha kipi kinaua kwanza. Maji yatangulie, kwa sababu ndiyo yanayoweza kumpeleka kwenye mshtuko leo. Maarifa ya mama yanafuata, kwa sababu kesho atarudi Nyalenda na kile kisima na ile chupa. Ngozi ni ya tatu, ingawa ndiyo inayomliza zaidi kila akibadilishwa.

Usiandike "hatari ya" kitu ambacho tayari kipo. Wekundu upo, hauko njiani. Na kinyume chake, ukiandika hatari ya kitu, sehemu ya ushahidi haipo. Unataja kinachoweza kuisababisha tu.

Hatua ya 4: Lengo lenye saa na kiasi

Hesabu ya Mpango B ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo, ndani ya saa nne. Tumia uzito wa leo:

```
75 x 8.6 = 645 ml kwa saa 4
645 / 4 = karibu 160 ml kwa saa
645 / 5 = vijiko 129 vya 5 ml
```

Vijiko 129 katika dakika 240 ni karibu kijiko kimoja kila dakika mbili. Hapo hesabu imegeuka kuwa kitu ambacho mama anaweza kukifanya, na ndicho kitakachoingia kwenye hatua zako.

Lengo sasa linajiandika: "Ifikapo saa sita mchana mtoto atakuwa amekunywa mililita 645 za ORS mbali na maziwa ya mama, ngozi ya tumbo itarudi papo hapo, macho hayatakuwa yameingia ndani, atakuwa ametulia, atakuwa amekojoa angalau mara moja, uzito utakuwa umefika angalau kilo 8.9." Kila kipande cha lengo kina mwenzake kwenye ushahidi wa utambuzi au kwenye hesabu. Chora mstari kwa penseli kati yao. Kipande kisicho na mwenzake kifute, na ushahidi usio na lengo uulize kwa nini umeachwa.

Kuhusu mkojo, kuwa mkweli na unachoweza kupima. Vitabu vinataka angalau mililita moja kwa kilo kwa saa, na wanafunzi huinakili hivyo. Njia ya kawaida ni kupima nepi: gramu moja iliyoongezeka ni kama mililita moja. Lakini mtoto anayeharisha maji, mkojo na kinyesi vimechanganyika kwenye nepi moja, na wodini mama wengi wanatumia vitambaa. Kama huna mfuko wa kukusanyia mkojo, usiandike lengo la mililita ambazo hutazipima. Andika kwamba atakojoa angalau mara moja, umwombe mama akuonyeshe. Nepi bado zipime, kwa sababu zinakupa jumla ya kilichotoka.

Epuka maneno "hali itaimarika" na "atakuwa na maji ya kutosha". Hakuna saa itakayofika ukasema hayakutimia.

Saa pia zinasumbua. Chati ya hospitali huandikwa 0800 na 1200, mama anasema saa mbili na saa sita. Nimeona ORS ikicheleweshwa kwa sababu mtu alimwambia mama "mpaka kumi na mbili" na mama akaelewa jioni. Kwenye chati andika 1200, kwa mama sema saa sita mchana.

Hatua ya 5: Hatua za utunzaji na sababu zake

Usijaze hatua kumi na tano. Hatua chache zilizoandikwa kwa kiasi, muda na mtendaji zinatosha, kila moja na sababu yake ya kisayansi kando.

Ya kwanza ni kuchanganya ORS mwenyewe mama akiangalia. Soma pakiti, kwa sababu ziko za nusu lita na za lita moja. Hii ni ya nusu lita. Chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri ambacho hata nyumbani kinapatikana. Tumia maji safi ya kunywa, mimina pakiti yote, koroga hadi iyeyuke, andika saa. Kisichoisha kwa saa 24 kinamwagwa. Mtoto anahitaji mililita 645, kwa hiyo pakiti ya pili itafunguliwa.

Sababu yake ieleze hivi: sukari iliyo kwenye ORS huingia kwenye ukuta wa utumbo pamoja na chumvi, na maji huifuata chumvi. Njia hii huendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha, ndiyo maana kinywaji hiki kinafaa pale ambapo maji matupu hayatoshi. Uwiano ukiharibika, inageuka. Mama alichanganya pakiti ya mililita 500 katika 300, kwa hiyo chumvi na sukari zilikuwa zimezidi kwa karibu theluthi mbili. Kinywaji kizito hivyo huvuta maji kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, mtoto akaharisha zaidi, na chumvi ya damu inaweza kupanda. Kwa hiyo mama alipoona "kila akikunywa anaharisha zaidi" huenda aliona sawa. Usimkaripie. Mwonyeshe chupa mbili kando kwa kando. Chumvi hiyo pia mwambie klinikal ofisa. Mtoto akianza kushtukashtuka, kutetemeka au kusinzia, huenda akahitaji kupimwa damu.

Ya pili ni kunywesha: kijiko cha mililita 5 kila dakika mbili, mtoto akiwa amekaa wima mapajani. Pima kijiko kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Kwa kikombe kizima mtoto mwenye kiu atabugia, tumbo litatanuka ghafla, na kila kitu kitarudi sakafuni. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili hadi tatu. Kutapika mara moja si sababu ya kuhamia kwenye dripu. Kati ya vijiko anyonye akitaka.

Kaa na mama dakika kumi za kwanza. Hili halimo kwenye vitabu vingi na ndilo linaloamua. Mama aliyeamka usiku mzima ataanza vizuri, kisha mkono utachoka, mtoto atalala, na kikombe kitabaki. Nilimwekea mama mmoja alama za kalamu kwenye chupa: hadi hapa saa tatu, hadi hapa saa nne. Hakuhitaji saa wala chati, aliangalia mstari tu, na kila nikipita alikuwa ananionyesha chupa kabla sijauliza.

Ya tatu ni kufuatilia kila saa: mapigo, pumzi, fahamu, anavyokunywa, idadi ya choo na matapishi, na kiasi kilichoingia. Sababu yake ni kwamba mtoto anaweza kwenda pande mbili. Akizidi kupoteza maji atasinzia, ataacha kunywa, na ngozi itakaa sekunde mbili: huo sasa ni upungufu mkali, unamwita klinikal ofisa mara moja. Kwa mtoto wa umri wake Mpango C ni mililita 30 za dripu ya Ringa kwa kilo ndani ya nusu saa, halafu 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja mwendo ni wa polepole zaidi: saa moja, kisha saa tano. Upande wa pili ni maji kuzidi. Kope zikivimba, simamisha ORS, aendelee na maziwa ya mama na maji ya kawaida, kisha toa taarifa.

Ya nne ni zinki kama ilivyoagizwa. Kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita mwongozo wa Kenya unatumia miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Husaidia kufupisha kuhara. Mwambie mama mapema kwamba kuhara kukiisha siku ya tatu dawa inaendelea, la sivyo ataiweka kabatini.

Ngozi haihitaji maneno mengi: nepi ibadilishwe kila anapoharisha, aoshwe kwa maji, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, apakwe mafuta mazito ya kuzuia unyevu, na kitandani aachwe wazi kidogo.

Kuhusu mama, andika hatua kwa vitendo anavyovifanya yeye. "Nilimwelimisha mama" haisemi lolote. Andika: "Mama atachanganya ORS mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa, ataeleza vyakula atakavyoendelea kumpa, na atataja dalili tatu za kumrudisha." Dalili hizo ni kushindwa kunywa au kunyonya, damu kwenye choo, na kulegea au kuzidiwa. Ongezea maji ya kunywa kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini, kwa sababu kisima ni kilekile.

Hatua ya 6: Tathmini

Saa sita mchana rudi kitandani na karatasi ya malengo mkononi, upime vilevile ulivyopima asubuhi: mizani ileile, nepi kavu, sehemu ileile ya tumbo.

Kwa mtoto wetu chati inaonyesha hivi. Kufikia saa tatu alikuwa amekunywa mililita 160. Saa tatu na dakika ishirini alitapika mara moja, mama akasubiri dakika kumi kisha akaenda polepole. Saa nne jumla ilikuwa 290. Saa tano 450. Saa sita 610. Ameharisha mara mbili. Saa tano na dakika kumi amekojoa, mama amekuonyesha. Ngozi inarudi papo hapo. Ametulia, anachezea kijiko. Mapigo 124. Uzito kilo 9.0. Macho bado yameingia ndani kidogo.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika "lengo limefikiwa". Wewe andika kipande kwa kipande. Ngozi, utulivu, mkojo na uzito vimefikiwa. ORS imefikiwa kwa sehemu, 610 kati ya 645, pengo la mililita 35 likitokana na kusimama baada ya kutapika. Macho hayajafikiwa. Halafu hukumu ya jumla: lengo limefikiwa kwa sehemu. Mwalimu anayejua kazi hatakupunguzia alama kwa hilo. Atakupunguzia kama huendelei na swali linalofuata: kwa hiyo sasa nini?

Rudi kwenye madaraja. Upungufu wa kiasi ulihitaji angalau dalili mbili, na sasa imebaki moja. Kwa hiyo hahitaji kurudia saa nne nyingine za Mpango B. Anahamia Mpango A, ambao ni mililita 10 kwa kilo baada ya kila choo cha maji. Kwa kilo 9.0 hiyo ni mililita 90. Mama apewe kikombe chenye alama ya 90, aendelee kunyonyesha, na uji urudi mchana huohuo kidogokidogo. Zingekuwa zimebaki dalili mbili, ungerudia Mpango B na kumpima tena baada ya saa nne. Angekuwa amezidiwa, ungekuwa umeshamwita klinikal ofisa kabla ya saa sita.

Mabadiliko hayo yaandike kwenye mpango kama mstari mpya wenye tarehe, saa na sahihi yako, bila kufuta ule wa kwanza. Anayekuja zamu ya jioni anatakiwa aone mtoto alikuwa wapi, amefika wapi, na kwa nini kiasi kimebadilika kutoka 645 hadi 90.

Utambuzi wa mama unatathminiwa kwa macho pia. Saa tano na dakika ishirini, pakiti ya pili ilipohitajika, alichukua chupa ya nusu lita, akasoma pakiti kwa sauti, akajaza hadi shingoni, akamimina yote. Alitaja damu na kushindwa kunywa, ya tatu akaisahau. Basi andika kwamba amefikia kwa sehemu, umrudie jioni kwa hiyo moja. Ngozi bado nyekundu, haijachubuka. Lengo lake lina saa 48, kwa hiyo andika "inaendelea" na tarehe ya kutazama tena.

Kisha jaza saa ya kipimo kinachofuata kabla hujaondoka kitandani: saa kumi jioni, mizani ileile, nepi kavu, ngozi, macho, na kikombe kimeshuka hadi wapi.